Si kitabu, ni kitambo: namna ninavyosoma mashairi ya mapenzi ya khati za Kiarabu

Karatasi yenyewe ilikuwa imekunjwa mara nne, ndani ya kasha la nguo la marehemu bibi, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga. Ubeti mmoja tu, mishororo minne, wino umegeuka rangi ya kahawa. Mimi nimesoma madrasa kama watoto wengi wa Tanga, kwa hiyo nikajiona naweza. Mshororo wa kwanza nikausoma hivi: "Nimekungoja kitabu." Nikamwambia kila mtu nyumbani kwamba babu mkubwa alikuwa anadai kitabu chake kilichoazimwa. Nikakaa na tafsiri hiyo karibu mwaka mzima.

Kosa langu ndilo kosa la karibu kila anayeanza. Anayejua kusoma Kurani hudhani tayari anajua kusoma Kiswahili kwa herufi zile zile. Herufi ni zile, kazi ni nyingine. Kiarabu kina irabu tatu za kuandika: fatha, kasra na dhumma. Kiswahili kina tano. Basi kasra moja ikabeba "i" na "e", na dhumma ikabeba "u" na "o". Halafu Kiarabu hakina "p", wala hakina "mb", "nd" au "ng". Waandishi wengi wa zamani hawakujisumbua: herufi ب ikawa b, ikawa p, ikawa mb, د ikawa d na nd, غ ikawa gh, g na ng. Wengine waliongeza nukta tatu kwa ajili ya p, au alama za kutenga e na i, kwa hiyo tazama kwanza kama mwandishi wako ni wa hao. Wangu hakuwa.

Sasa angalia lile neno lililonipoteza: كِتَابُ. Alif ya katikati ilinihakikishia kwamba ni kitabu, maana Waarabu wenyewe huliandika hivyo hivyo. Ila katika Kiswahili cha khati hizi, alif, waw au ya mara nyingi huwekwa kuonyesha pale sauti inapokazwa, yaani silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "kitambo" mkazo uko kwenye "ta". Kwa hiyo kitambo na kitabu huandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Huwezi kuyatenga kwa macho hata ukitumia kioo cha kukuzia.

Aliyeyatenga ni shangazi, ambaye hajui alif wala be ya kusomea shairi. Nilimsomea ubeti wote jikoni, yeye anakuna nazi. Nilipofika "fumbo" akasimamisha mbuzi. "Kitabu na fumbo? Hilo guni, mwanangu. Watu wa zamani hawakutunga guni."

Alikuwa amesikia vina. Nami sikuwa nimevitazama kabisa, nilikuwa nakimbilia maana. Nikarudi kwenye karatasi nikafanya kile ambacho sasa nafanya kabla ya kitu kingine chochote: nikaandika safu ya silabi za mwisho za kila kipande, bila kusoma neno zima. Vipande vinne vya mbele vyote viliishia بُ. Silabi hiyo inaweza kuwa bu, bo, pu, po, mbu au mbo. Sita. Maneno yenyewe, nikiyasoma kijuujuu, yalikuwa kitabu, jabu, fubu na mabu. Jaribu po: kitapo, japo, fupo, mapo, mawili yanasimama, mawili yanaanguka. Jaribu mbo: kitambo, jambo, fumbo, mambo. Yote manne yakasimama kwa mara moja. Vipande vya nyuma vikaishia دَ, na hapo nda ikayafungua yote: kupenda, kukonda, kushinda, kwenda.

Ubeti ukawa huu:

Nimekungoja kitambo, moyo wangu wakupenda
Sikufichi ndani jambo, silali, mwili wakonda
Umenipigia fumbo, kufumbua lanishinda
Nijibu nijue mambo, ni kungoja au kwenda

Hesabu mizani: nane kwa nane, mstari kwa mstari. Mizani ndiyo hakimu wa pili, na hukufaa zaidi pale mkono unapotaka "kusahihisha". Mara ya kwanza niliandika "moyo wangu unakupenda", kwa sababu ndivyo tunavyosema mtaani leo. Hesabu: mo-yo-wa-ngu-u-na-ku-pe-nda. Tisa. Babu aliandika "wakupenda", na karatasi ina waw na fatha waziwazi. Ukiona kipande kimezidi au kimepungua, kabla hujamlaumu mtunzi jishuku wewe. Huenda umesanifisha lugha, au umesahau kwamba "m" ya mbele ya konsonanti, kama katika "mtu", huhesabiwa mizani yake peke yake.

Kwa hiyo naandika mara mbili, kwa penseli. Mstari wa juu ni herufi kama zilivyo, bila akili: "nimikughuja kitabu". Chini yake ndipo naweka Kiswahili: "nimekungoja kitambo". Inachosha, nakubali. Lakini mwenzako akitilia shaka usomaji wako, ataona karatasi ilisema nini na wewe ulisema nini. Ukiandika mstari wa chini peke yake, umemfungia mlango. Ataamini kitabu chako milele.

Kuna jambo moja zaidi lililonichezea, nalo si la lugha. Wadudu. Karatasi za pwani hutobolewa vitundu vidogo, na kitundu kikikaa juu ya herufi ni nukta tupu. Mshororo wa pili niliona ذ, yaani dhal, mwisho wa "wakonda", na ingevunja vina vyangu vyote. Nikapeleka karatasi dirishani asubuhi, nikaishika upande wa mwanga: nukta ikawaka. Nukta ya wino haiwaki. Tangu hapo napiga picha mbili kila ukurasa, moja kwa mwanga wa dirisha unaotoka ubavuni, bila flashi ya simu, na nyingine mwanga ukitoka nyuma ya karatasi. Mikunjo naifungua taratibu, na ikigoma naiacha. Selotepu usiiguse kabisa. Gundi yake hugeuka njano na ikibanduliwa huondoka na wino.

Vina vina mpaka wake, na mpaka huo uko kwenye ubeti huu huu. Vinakuhakikishia silabi ya mwisho tu. Neno "wakupenda" kwenye karatasi lina kasra chini ya ب, na kasra ni i au e. Linaweza kusomeka "wakupinda". Vina vinatimia, mizani inatimia. Kinachobaki ni maana, na maana ni mimi ninayeiamua, si karatasi. Moyo kumpinda mtu sijapata kuusikia, ila mashairi yetu ya mapenzi yamejaa mafumbo, na huyu bwana mwenyewe anakiri mshororo wa tatu kwamba fumbo limemshinda.

Basi pembeni ya nakala safi nimeandika kwa herufi ndogo: "au: wakupinda". Shangazi ameniambia mara mbili nifute. Sijafuta.