Kutoa fisha ya zamani kwenye ukuta wa tofali bila kumegua lipu

Swali: Fundi, nimeondoa rafu ya vitabu ya siku nyingi, zimebaki fisha sita za plastiki kwenye ukuta wa tofali uliopigwa lipu. Ya kwanza niliibana kwa koleo nikawa naiyumbisha huku navuta. Ilitoka, lakini ilikuja na bonge la lipu la ukubwa wa kiganja. Zimebaki tano na naogopa kuzigusa. Nizitoe vipi?

Jibu: Pole kwa hilo bonge. Kabla ya kugusa zile tano, elewa kwanza kilichotokea kwenye ile moja.

Fisha ya kawaida ya milimita 8 ina urefu wa kama milimita 40. Lipu ya ndani mara nyingi ina unene wa milimita 12 hadi 15. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya fisha imezama kwenye tofali, na huko ndiko skrubu ilikoitanua ikabana. Ukishatoa skrubu, plastiki iliyokaa imetanuka miaka mingi hairudi kama zamani. Mkia wake unabaki mnene kuliko tundu. Unapoivuta, mkia huo lazima upite katikati ya lipu ndipo utoke. Tofali linavumilia, lakini lipu haina chochote mbele yake cha kuizuia, basi inasukumwa nje na kumeguka. Na ulipoyumbisha koleo, ukingo wa tundu ndio uliogeuka egemeo lako. Lipu haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo mambo ni mawili tu: fisha ivutwe kwa kunyooka, na lipu iliyo karibu na tundu ikandamizwe wakati fisha inatoka. Mengine yote ni namna ya kuyafanikisha hayo.

Anza kwa kusikiliza ukuta. Chukua bisibisi, ugeuze, ugongegonge kwa mpini kuzunguka kila fisha, umbali wa kama sentimita 15 kila upande. Lipu iliyoshika vizuri inatoa mlio mfupi, mzito. Iliyoachana na tofali inalia wazi, kama unagonga kasha tupu. Ukisikia mlio huo karibu na fisha fulani, iweke alama kwa penseli na usiivute kabisa, hata kwa njia ninayokueleza hapa. Hiyo ina dawa yake, nitaifikia. Niliwahi kuruka hatua hii kwenye ukuta wa korido kwa sababu lipu ilionekana nzuri machoni, na fisha moja ikashuka na kipande chenye upana wa sahani. Tangu siku hiyo sivuti kabla ya kugonga.

Sasa tazama mdomo wa fisha. Nyingi zina ukosi mdogo uliokaa juu ya lipu, na rangi imepakwa juu yake mara mbili tatu, hivyo rangi imeshikamana na plastiki. Chukua kisu cha wembe, ukate mduara kuuzunguka ukosi mpaka wembe ufike kwenye lipu. Usipokata, rangi itabanduka ikifuata fisha, nayo hubanduka na tabaka la juu la lipu.

Baada ya hapo tafuta skrubu ya mbao ya milimita 5, ndefu, isiyopungua milimita 60, ili kichwa kibaki mbali na ukuta. Ikaze kwenye fisha kwa mkono, mizunguko mitatu tu, yaani kina cha kama milimita 7. Hapa watu wengi wanakosea. Wanaizamisha skrubu nusu nzima wakidhani itashika zaidi, kumbe wanaitanua fisha upya kule ndani na kuifanya ibane tofali kwa nguvu zilezile za siku iliyowekwa. Wewe unataka skrubu ishike shingo tu, mkia uachwe ulivyo. Ikiwa fisha inazunguka pamoja na skrubu, bana ukosi kidogo kwa koleo la mdomo mwembamba wakati unakaza. Hiyo ni dalili nzuri, maana fisha inayozunguka haijabana sana.

Kisha tengeneza kibao. Kipande cha plaiwudi cha unene wa milimita 12, ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 kinatosha. Kata mfereji kutoka ukingoni hadi katikati, upana wa milimita 14 hivi, ili ukosi na fisha vipite bila kukwama lakini mbao ikae karibu kabisa na tundu. Gundisha kitambaa chembamba upande wa ukutani. Chomeka kibao kutoka pembeni mpaka skrubu iwe mwisho wa mfereji. Kibao hiki kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kinabeba uzito wa nyundo, na kinaikandamiza lipu palepale ambapo mkia mnene utapita. Mfereji ukiwa mpana sana, kazi ya pili inapotea na utamegua ukingo kama mwanzo.

Shika nyundo ya kung'olea misumari, ingiza makucha yake chini ya kichwa cha skrubu, kichwa cha nyundo kiegemee kibao. Vuta polepole. Fisha ikianza kusogea, simama. Nyundo inazunguka kwenye egemeo, kwa hiyo kadiri unavyoendelea inaanza kuvuta kwa upande. Weka kipande kingine cha mbao chini ya nyundo ili mvuto ubaki umenyooka, kisha endelea. Kwa fisha ya milimita 40 tarajia kusimama hivyo mara mbili au tatu.

Sentimita ya mwisho ndiyo ya kuogopa, kwa kuwa ndipo mkia unapoingia kwenye lipu. Hapo acha nyundo, shika koleo: mkono mmoja unakandamiza kibao, mwingine unavuta fisha huku ukiizungusha taratibu kama unafungua kizibo, bila kuiyumbisha. Ikizunguka, mabawa yake yanajikunja na kupita. Ukisikia mlio wa kukwaruza, au ukaona mstari mwembamba wa ufa unatoka kwenye ukingo wa kibao, acha mara moja. Lipu imeanza kunyanyuka.

Kwa tano zako nadhani tatu au nne zitatoka hivi. Kutakuwa na moja ambayo skrubu inachomoka peke yake na plastiki inabaki. Usirudie kwa skrubu nene zaidi. Toboa. Ila kwanza angalia kama kuna swichi au soketi iliyo wima juu au chini ya tundu, au kwa ulalo sawa nalo, kwani nyaya za ndani ya ukuta kawaida hupita kwenye mistari hiyo. Ukiwa na wasiwasi, zima umeme wa chumba. Weka biti ya chuma ya milimita 6 kwenye drili, zima kabisa mpigo wa nyundo, zungusha pole. Mwendo wa kasi unayeyusha plastiki, nayo ikipoa inagandamana na tofali. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina cha milimita 40 ili usipitilize. Unachofanya ni kula plastiki kutoka ndani hadi ukuta wake uwe mwembamba. Baada ya hapo kuta hizo zinaanguka kwa ndani ukizibana kwa koleo la mdomo mwembamba, na zinatoka vipande vipande. Vaa miwani, vumbi la tofali haliangalii macho ya nani.

Sasa ile uliyoiwekea alama ya mlio wa wazi, pamoja na yoyote iliyokataa. Dawa yake ni kutoitoa. Kata ukosi kwa kisu mpaka usawa wa lipu, kisha ukiwa na msumari mnene uliokatwa ncha, au kijiti cha chuma kinachoingia tunduni bila kugusa lipu, igonge fisha kidogokidogo hadi izame milimita 5 ndani ya uso wa ukuta. Plastiki iliyofukiwa haiozi, haivimbi, haitoi doa. Kwa maoni yangu, kama tundu linazibwa tu na hakuna kitakachofungwa hapo tena, njia hii ni bora hata kwa fisha nzima, na ningeianza nayo kama ungeniuliza kabla ya ile ya kwanza. Kuitoa fisha kuna maana pale unapotaka kutoboa upya sehemu hiyohiyo, au unapoweka fisha kubwa zaidi.

Nikuonye kuhusu boliti za chuma za kutanuka, kwa sababu watu husoma jibu la plastiki wakaenda kuvuta chuma. Nyingi zimetengenezwa ili kadiri zinavyovutwa ndivyo zinavyozidi kubana. Hapo legeza nati, kisha ukate boliti kwa msumeno wa chuma karibu na ukuta, ukiwa umekinga lipu kwa kipande cha bati. Chimba lipu kidogo kuizunguka na ukate tena chini ya uso. Paka chuma kilichobaki rangi ya kuzuia kutu, ikauke, ndipo uzibe. Ukiruka rangi hiyo, maji ya pati yatatia chuma kutu na doa la kahawia litajitokeza juu ya rangi mpya ya ukuta.

Kuziba: puliza au fyonza vumbi lote tunduni, kisha lowanisha tofali kwa brashi. Tofali kavu linanyonya maji ya mchanganyiko kabla haujashika, ndiyo maana viraka vingi hupasuka mduara. Jaza sehemu ya ndani kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga laini, uache chini ya uso kwa milimita 3. Subiri ukauke hadi kesho yake, umalizie kwa pati, upige msasa.

Pale palipotoka bonge, gonga kingo kwanza. Sehemu yote inayolia wazi iondolewe, hata kama kidonda kitakua, kisha kata kingo ziwe zimesimama wima badala ya kuchongoka, lowanisha, na upige lipu kwa tabaka mbili. La kwanza likwaruze kwa ncha ya mwiko kabla halijakauka, ili la pili lipate pa kushika.