Kubadilisha matokeo kwenye picha ya ubao wa taa: vijiti vyako vimo humohumo kwenye picha

Msimu wa korosho ukifunguka huku Mtwara, klabu za mtaani huanza kuleta kazi za kalenda. Kocha mmoja wa Shangani aliniletea picha ya bonanza iliyopigwa uwanja wa Nangwanda Sijaona. Wachezaji wamekumbatiana, na nyuma yao kuna ubao wa taa wa kukodi unaosoma 2-1, saa 67:42. Mechi iliisha 3-1. Bao la tatu lilifungwa dakika ya 81, na wakati huo kamera ya mpiga picha wao ilikuwa imeisha chaji.

"Kaka, niwekee tatu hapo," akasema. "Watu wa kalenda wanataka kuliona bao la ushindi."

Mara ya kwanza niliandika 3 kwa fonti ya saa ya kielektroniki, nikaipaka rangi nyekundu na kuibandika. Kwenye simu ilipita. Nilipochapa karatasi ya A2, ile 3 ilionekana kama stika. Nyekundu yangu ilikuwa ya aina moja mwanzo hadi mwisho, ilhali taa halisi zilikuwa zimeungua katikati hadi kukaribia njano nyeupe, na nyekundu yenyewe ilibaki pembeni tu. Halafu nilikuwa nimevifuta vijiti visivyowaka, yaani vile vipande vya taa vinavyounda tarakimu. Ukikuza picha unaviona: vya rangi ya majivu, hafifu, kwa sababu jua la jioni linavimulika hata vikiwa vimezimwa.

Ndipo nikaacha fonti. Kila tarakimu ya ubao kama ule ni 8 yenye vijiti saba, na kinachobadilika ni kipi kimewaka na kipi kimezimwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni vijiti vingapi vinatofautisha namba iliyopo na ile unayoitaka. Kati ya 2 na 3 ni viwili tu: cha chini kushoto kinazimwa, cha chini kulia kinawashwa. Na vyote viwili nilikuwa navyo kwenye ile 1 ya wageni, kwa sababu 1 huwasha vijiti viwili vya kulia na kuacha vya kushoto vimezimwa. Nikakata nusu ya chini ya 1, nikaiweka kwenye leya mpya juu ya 2, kisha nikafuta sehemu ya kijiti cha chini kabisa ili kile cha 2 kinachowaka kibaki mahali pake.

Ubao ulikuwa umekaa mshazari, upande wa wageni uko mbali zaidi na kamera, kwa hiyo kipande changu kilikuwa kidogo kidogo. Kwenye GIMP nilitumia `Perspective`, nikivuta pembe moja moja mpaka mlalo wa kijiti ukalingana na kile cha juu yake. Usikikate kijiti kwenye ukingo wake. Chukua na ule mwanga unaotapakaa kuzunguka taa, kisha lainisha mpaka wa kipande kwa pikseli mbili au tatu. Ukiuacha mwanga huo, kijiti kinaonekana kimechorwa.

Saa nayo ilibidi ibadilike. 3-1 dakika ya 67 ni kitu ambacho kila aliyekuwepo uwanjani angekishangaa. Nilichagua 81:42 kwa sababu inadai kazi ndogo: 6 inakuwa 8 kwa kuwasha kijiti cha juu kulia, nilichokichukua kwenye 7 ya jirani, 7 inakuwa 1 kwa kuzima kijiti cha juu, na kijiti cha juu kilichozimwa kipo kwenye 4. Tarakimu za saa zilikuwa za njano na ndogo kuliko za mabao, hivyo vipande vya saa vilitoka kwenye saa yenyewe. Angalia pia 7 ya ubao wako kabla ya kuanza. Nyingine zina kijiti cha nne, cha juu kushoto, na hicho nacho utapaswa kukizima.

Kuna picha zinazogoma. Ubao ukisoma 1-1 na saa 11:17, kijiti cha katikati hakijawaka popote, kwa hiyo 2 huipati humo. Hapo omba picha nyingine ya mechi ileile, iliyopigwa kutoka upande uleule na kwa mwanga uleule. Vilevile mbao nyingi huwasha tarakimu kwa zamu, kwa kasi ambayo jicho haliioni. Kamera ikipiga kwa 1/1000 ya sekunde, tarakimu moja inaweza kutoka hafifu kuliko jirani yake. Ukiikuta hivyo iache ilivyo, na kijiti unachoongeza kipunguze mwanga kilingane nayo.

Kukagua, ondoa rangi zote kwa muda, picha ibaki nyeusi na nyeupe. Kijiti kinachong'aa kupita wenzake kinajitokeza papo hapo. Changu cha kwenye 6 kilikuwa kimezidi, nikakishusha.

Kocha nilimpa mafaili mawili, la asili na la kalenda, na chini ya picha ya kalenda tukachapa: "Ubao wa matokeo umehaririwa." Baada ya wiki alikuja kijana anayeandika habari za michezo, akaiomba picha hiyo. Nilimpa ile ya 2-1, dakika ya 67.