Histogramu ya MACD ikipungua, usikimbilie kuuza

"Wakuu, histogramu ya MACD, zile nguzo chini ya chati, ikianza kufupika juu ya sifuri si ndo bei inageuka, niuze?"

Hapana mkuu, hapo mwendo wa kupanda umepungua kasi tu, kama gari iliyotoa mguu kwenye mafuta ila bado inaenda mbele. Laini ya MACD ni EMA 12, yaani wastani wa bei za kendo 12 unaozipa uzito zaidi zile za karibuni, toa EMA 26, laini ya signali ni EMA 9 ya hiyo MACD, na histogramu ni MACD toa signali. Chukulia MACD iko pipsi 30 na signali 20, histogramu 10. Kendo inayofuata MACD inapanda 31, signali inasogea 22.2, histogramu inashuka 8.8, sa hapo MACD yenyewe imepanda! Kwenye trendi kali itakufanyia hivyo mara kibao na wewe ushauza zamani.

Alafu angalia unatumia chati gani, maana MACD ya kwenye MT4, ile programu ya chati ya MetaTrader 4, zile nguzo ni laini ya MACD yenyewe, sio tofauti yake na signali, kwa hiyo pale nguzo kuvuka sifuri maana yake EMA zimekatana, na mara nyingi bei inakuwa ishatembea mbali.