Deni ambalo sikulitaja msibani

Swali la wiki: "Kama ungeweza kumwandikia barua mzazi wako aliyetangulia mbele ya haki, ungemwambia nini?"

Mhariri, mimi nimeshaandika. Naona wasomaji wenzangu watajaza "nakupenda" na "nakushukuru", na sina ugomvi nao. Yangu ilianza na shilingi 70,000.

Msibani kwetu Newala, kama ilivyo misiba mingi, msemaji wa familia alisimama akatangaza: mwenye kumdai marehemu aje kwa familia, na mwenye kudaiwa naye aje. Sisi wanawake tulikuwa uani. Nikasikia, moyo ukanipiga. Mimi nilikuwa namdai. Lakini binti atasimama vipi mbele ya majirani adai ada ya kidato cha kwanza, tena kwa mtu ambaye bado hajafika kaburini? Nikainama, nikaendelea kumenya vitunguu. Kwetu marehemu hasemwi, na hasira isiyosemwa haina arobaini yake.

Wa kunielekeza alikuwa mshauri nasaha mmoja, niliyemwona kwa jambo jingine kabisa. Aliniambia nisimwandikie baba maisha yote, nichague tukio moja. Nimwite kama nilivyomwita nyumbani. Niandike robo saa, nifunge daftari, kesho yake nirudi kwenye tukio lilelile. Na akanionya kwamba nikimaliza kuandika nitajisikia vibaya zaidi kuliko nilivyoanza, nisishtuke. Baadaye nilisoma kuwa njia hii inafanana na jaribio la mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, aliyewapa wanafunzi dakika 15 kwa siku 4 mfululizo, matokeo yakachapishwa mwaka 1986. Walioandika yaliyowaumiza, pamoja na hisia zao, walitoka na huzuni zaidi siku zilezile, lakini miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache kuliko wenzao. Nasema ukweli wote: wengine walipoijaribu kwa waliofiwa, hawakuona tofauti kubwa. Kwa hiyo asije mtu akawauzieni barua kama dawa.

Tukio langu ni hili. Mwishoni mwa 2009 nilichaguliwa kwenda shule ya wasichana ya bweni. Wakati ule ada ya serikali ilikuwa bado ipo: 70,000 kwa mwaka bweni, 20,000 kutwa, ukiacha godoro, sanduku na michango. Baba akaniita barazani, akasema, "Mama" (nina jina la mama yake, hakuniita vingine), "mwaka huu korosho hakuna. Ubwiriunga umekula maua yote. Utasoma hapahapa ya kata."

Sasa mimi ndiye niliyeokota korosho zile! Nilikuwa chini ya mikorosho tangu Oktoba, nachomoa korosho kwenye mabibo, mikono imenata utomvu. Nilizianika mwenyewe, nikazigeuza jua likiwa kali. Nilizishona kwenye magunia, yakawa sita na kitu. Halafu usiku mmoja ikaja pikapu bila taa, asubuhi yakabaki mawili. Baba alijua kwamba naijua hesabu, na bado alinitazama machoni akataja ubwiriunga.

Barua ya kwanza ilikuwa hukumu tupu. "Baba, uliuza masomo yangu kwa kangomba, kwa mnunuzi wa magendo." Kesho yake nikaandika hivyohivyo, kwa maneno yaleyale, na ya tatu pia. Mshauri alikuwa amenidokeza dalili hiyo: ukiona sentensi zinajirudia bila kitu kipya kuingia, huandiki tena, unatonesha kidonda. Dawa yake ni kuacha kumtuhumu na kueleza kilichofanyika, hatua kwa hatua, hata mambo ambayo hukuyaona kwa macho.

Hapo nikalikumbuka daftari lake tulilolikuta wakati wa kugawana vitu. Lilikuwa na mstari mmoja wa mwezi Juni: salfa mifuko mitatu, magunia manne. Nilikuwa nimeusoma zamani kama ushahidi dhidi yake. Safari hii nikapiga hesabu ndani ya barua. Shamba letu lilikuwa na mikorosho sitini. Salfa ni robo kilo kwa mti kila unapopuliza, na unapuliza mara tano hivi, kuanzia maua yanapotoka. Sitini kwa robo ni kilo 15, mara tano ni kilo 75, na mfuko ni kilo 25. Mifuko mitatu kamili. Hakununua hata gramu ya kutupa.

Ninyi wa huku mnajua Juni ya miaka ile ilivyokuwa. Mapato ya msimu uliopita yameisha, malipo ya pili ya chama yamechelewa au yamepungua, na maua hayamsubiri mtu. Usipopuliza, yanageuka meupe kama yamemwagiwa unga, yanakauka, na mwaka umekwisha. Mwenye kangomba ndiye aliyekuja mlangoni na fedha mkononi, alipwe korosho mavuno yakifika, kwa bei isiyofika nusu ya ile ya ghalani. Basi baba aliuza magunia manne ili yapatikane sita. Asingeuza, labda tusingeokota hata mawili. Nikaandika hivi:

"Baba, ubwiriunga haukula maua. Haukula kwa sababu wewe uliyalipia. Mbona hukuniambia hivyo? Ningekasirika, ila ningekuamini."

Nikakaa nayo. Kangomba ilikuwa marufuku, na korosho zilitakiwa ziende ghalani kupitia chama. Mtoto wa miaka kumi na minne akisema kisimani kwamba baba ameuza usiku, siku ya pili mtaa mzima unajua. Pengine ndiyo sababu. Pengine ilikuwa aibu tu. Mshauri alitaka niandike pia jibu lake, kwa sauti yake. Nilidhani litajaa kurasa, kwani baba alikuwa msemaji sana akiwa na uraka kichwani. Likaja fupi: "Mama, ningekwambia, ungebeba na wewe."

Sijui kama hilo ni jibu lake au ni langu mwenyewe. Naliona zuri mno kwa baba ninayemjua.

Nilianza kukuandikia, Mhariri, nikitaka kusema barua za marehemu ni mchezo wa watu wa mjini, kwamba deni hulipwa na aliye hai. Sasa naona nimebadilika katikati ya ukurasa. Zile 70,000 nimezifuta. Uongo wa barazani sijaufuta, wala sitamdanganya baba kwamba nimeufuta. Anayetaka kuandika na aandike, ila asubiri kidogo ikiwa kaburi bado bichi, na kama mzazi alimpiga au alimfanyia yasiyosemeka, asikae na kalamu peke yake usiku. Atafute mtu wa kukaa naye. Akiona wiki zinapita na usingizi haurudi, aache, aende hospitali.

Yangu sikuichoma. Iko ndani ya daftari la salfa, na kaka yangu hajui. Ukilazimika kufupisha jibu hili, kata hesabu za mifuko, ingawa itaniuma. Ile ya pikapu iache.

Msomaji wa Newala