Maswali ya friji: namba kubwa si joto kubwa

Safari hii karibu wote mmeniandikia kuhusu mboga kuganda. Nimechagua maswali saba. Wengi hamkusema kama friji ni la mlango mmoja au miwili, wala kama linajenga barafu ukutani au la, na bila hayo mnanifanya nipige ramli. Mkiandika tena, anzeni na hayo.

Hoho na karoti zinaganda kwenye droo ya chini. Themostati ilikuwa kwenye 4, nikapandisha hadi 7 ili joto lipande. Sasa hata maji ya kunywa yameganda! (Msomaji, Tabata)

Tatizo ni hiyo 7. Nimeshalisema hili mpaka nimechoka: namba za themostati si nyuzi joto, ni ukali wa baridi. Ukipandisha namba, unaiambia kompresa isizime mpaka baridi iwe kali zaidi. Ikifika mwisho kabisa, kompresa ya friji la kawaida hupumzika kidogo sana, na nyingine haipumziki kabisa. Umeme wako wa luku unajua habari hii kuliko mimi.

Rudisha hadi 3. Kama namba zako zinaishia 5, weka 2. Kisha jaza maji glasi, iweke rafu ya katikati na kipimajoto ndani yake, iache ilale humo. Asubuhi soma kabla mtu yeyote hajafungua mlango. Unapima maji kwa sababu hewa ya ndani hubadilika kila mlango unapofunguliwa, maji hayana haraka hiyo. Kipimajoto cha homa hakifai, hakishuki mpaka huko.

Unatafuta nyuzi 4, na ukipata kati ya 3 na 5 acha hapo. Mboga za majani huganda joto likishuka chini ya sifuri kidogo tu, hata nusu nyuzi inatosha, kwa hiyo glasi ikisoma 1 pale katikati, ujue kwenye kona fulani mchicha tayari umekuwa kioo. Ukihitaji kurekebisha, sogeza namba moja tu, halafu subiri saa 24 kabla ya kugusa tena. Friji lililojaa vitu haligeuki kwa saa moja.

Na jambo ambalo hukuuliza: namba iliyokufaa Januari inaweza kukugandishia mboga Julai. Friji la mlango mmoja lina themostati inayohisi ubaridi wa friza, haihisi hewa ya kwenye rafu. Nje kukiwa na baridi, joto linalopenya kuingia ndani hupungua, na kwa namba ileile rafu za chini huzidi kupoa. Wa Iringa na Lushoto mnanielewa.

Friza iko juu. Kwa nini kinachoganda ni cha chini kabisa? (Msomaji, Morogoro)

Kwa sababu hewa baridi ni nzito, hushuka. Swali lako ndilo zuri kuliko yote niliyopata, kwani linatufikisha kwenye vipande viwili ambavyo watu huving'oa bila kujua kazi yake.

Cha kwanza ni ile trei ya plastiki iliyo chini ya friza kwenye friji la mlango mmoja. Wengi hudhani ni ya kukinga maji ya barafu inapoyeyuka. Hiyo ni kazi yake moja. Kazi yake nyingine ni kuizuia baridi ya friza isiporomoke yote kwa pamoja, ipite kidogo kidogo pembeni. Cha pili ni kioo kinachofunika droo ya mboga. Hicho ndicho kinachofanya droo isiwe na ukali kama rafu nyingine, na pia kinatunza unyevu majani yasinyauke.

Jirani yangu mmoja aliniita mchicha wake ulipokuwa ukiganda kila siku, upande wa nyuma wa droo tu. Themostati ilikuwa kwenye 3, haina kosa. Glasi ya maji ililala, asubuhi ikasoma 1. Nikachungulia chini ya friza, trei hakuna. Nikauliza iko wapi, mama wa nyumba akacheka: wameitoa tangu sikukuu ili kuku wawili wazima waenee, sasa inaanikiwa dagaa. Tukaiosha, tukairudisha, themostati hatukuigusa. Siku ya pili yake glasi ilisoma 4. Mchicha haukuganda tena, na dagaa walitafutiwa ungo.

Kwa hiyo kabla hujazungusha chochote, hakikisha trei ipo, kioo cha droo kipo na hakijavunjika kona, na mboga hazijabanwa kwenye ukuta wa nyuma. Acha nafasi ya vidole viwili. Kwenye mafriji mengi ukuta ule ndio wenyewe unaopoza, na jani lililoushika litaganda hata kama friji zima lina nyuzi 5.

Fundi amesema mboga zinaganda kwa sababu gesi imepungua. Nimlipe aongeze? (Msomaji, Mbagala)

Usimlipe.

Na kwa kuwa swali hili naliletewa kila mara: gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mkaa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka na miaka. Ikipungua, kuna mahali panavuja, na anayeongeza bila kutafuta pa kuvuja atarudi kwako mwezi ujao na mkono wake mbele. Tena friji lenye gesi pungufu huonyesha dalili ya kinyume: barafu kona moja tu ya friza, kompresa haizimi, na chini maziwa yanachacha. Mboga zako zinaganda, maana yake mashine inapoza vizuri, hata imezidisha.

Soma pia kibandiko cha nyuma ya friji. Kikiwa kimeandikwa R600a, hiyo ni gesi inayowaka kama ya kupikia. Anayekuja na tochi ya kuchomelea lazima aitoe kwanza na madirisha yawe wazi, na kiasi anachojaza ni gramu zilizoandikwa hapo, kwa mizani. Akijaza kwa kukadiria, mtoe nje.

Friji langu la milango miwili halijengi barafu. Lina vidude viwili vya kuzungusha, kimoja ndani ya friza, kingine chini. Saladi inaganda. Nizungushe kipi? (Msomaji, Mombasa)

Anza na cha chini, punguza namba moja, subiri saa 24.

Lakini elewa unachozungusha. Friji la aina yako lina sehemu moja tu inayotengeneza baridi, nayo iko nyuma ya friza. Feni huisukuma hewa, nyingine ibaki juu, nyingine ishuke chini kupitia njia yenye kimlango. Katika mengi ya mafriji haya kidude cha chini ndicho themostati, na cha kwenye friza ni kimlango tu: kinagawa hewa, hakiongezi baridi yoyote. Ukikiweka kwenye baridi ndogo, kimlango hufunguka na hewa nyingi zaidi hushuka kwenye mboga. Ndiyo, aliyepunguza friza ili kuokoa mboga amezimalizia.

Yapo mengine yaliyopangwa kinyume, themostati juu na kimlango chini. Kutambua ni rahisi. Kompresa ikiwa inanguruma, zungusha kidude cha chini hadi namba ndogo kabisa. Ukisikia "tek" na mngurumo ukakoma, hiyo ni themostati. Kusipotokea kitu, ni kimlango.

Kisha angalia tundu ambalo hewa hutokea. Saladi ikikaa mbele yake itaganda kwa namba yoyote. Na kama umeshapunguza hadi mwisho na bado upepo wa baridi unavuma pale bila kukoma, kimlango kimekwama wazi, mara nyingi kwa barafu. Chomoa umeme, fungua milango yote miwili, weka matambara chini, acha siku nzima. Ikirudia baada ya wiki moja au mbili, kuna kifaa cha kuyeyusha barafu kilichokufa, na hapo fundi ana kazi halali.

Barafu ya kwenye friza naweza kuitoa kwa kisu ili mboga zisigande? (Msomaji, Dodoma)

Hapana! Ndivyo mabomba yanavyotobolewa, na ndipo gesi "inapoisha" kweli. Zima, acha iyeyuke.

Nimeshusha hadi 1, trei ipo, kioo kipo, bado zinaganda na kompresa hainyamazi. (Msomaji, Arusha)

Hatimaye mtu aliyefanya kazi yake kabla ya kuuliza.

Weka kwenye 0. Kompresa ikiendelea kunguruma, themostati imeshikana ndani, haikati umeme tena. Hairekebishwi kwa kuigongagonga, badilisha. Si kifaa cha bei ya kutisha.

Ikizima kwenye 0 lakini kwenye 1 haipumziki hata usiku, chomoa plagi, fungua kasha la themostati na ufuate kile kijibomba chembamba kama waya kinachotoka humo. Ncha yake inatakiwa ibanwe kwenye bati la friza, au iingie kwenye mfuko wake. Ikichomoka inahisi hewa badala ya bati. Hewa ina joto zaidi, basi themostati inadhani kazi bado, na kompresa inakesha. Hili huwapata zaidi waliobadilishiwa themostati karibuni, kwani fundi mwenye haraka hukiacha kijibomba kikining'inia. Kirudishe polepole, usikikunje. Ndani yake kuna gesi yake kidogo, na ikivuja themostati hukata moja kwa moja, kompresa haiwaki kabisa, na yule wa "gesi imeisha" ataitwa tena.

Kabla ya yote hayo, bana noti kwenye mlango uliofungwa, uivute. Ikitoka kwa urahisi, raba imelegea, na joto linaloingia usiku kucha linaweza kuikesheza kompresa bila themostati kuwa na kosa.

Mboga zilizoganda bado zinaliwa, au nitupe? Na nyanya je? (Msomaji, Tanga)

Mchicha, karoti na hoho pika leo hii, usizigandishe tena. Saladi na tango havina tena ladha wala umbo, wape kuku. Nyanya iliyoganda ni ya mchuzi tu. Ila nyanya nzima ambayo haijaiva sawasawa, mwanangu, ilikuwa inafanya nini kwenye friji? Iache kwenye kikapu jikoni.