CV za waombaji kazi: zikae mpaka lini, zifutwe vipi

Tuliajiri karani miezi miwili iliyopita. CV za wale wengine bado tunazo. Tukae nazo kwa muda gani? (Msomaji, Tabata)

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zisikae kupita muda unaohitajika kwa lengo lililozikusanya. Lengo lenu lilikuwa kupata karani, na karani mmempata. Kinachobaki ni uwezekano wa mtu kulalamika kwamba alibaguliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamlinda hata aliye mwombaji tu, na migogoro isiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda akiwa na sababu za msingi. Ndiyo maana mimi hupendekeza miezi sita tangu mtu mpya asaini mkataba: mkilalamikiwa mtakuwa bado na ushahidi, na baada ya hapo hakuna sababu ya kuendelea kukaa nazo.

Kuna anayesema anazitunza "ikitokea nafasi nyingine." Hilo ni lengo jingine, na mwombaji hakuliridhia. Muulizeni kwa ujumbe mfupi kama mnaweza kukaa na CV yake mwaka mmoja. Asiyejibu, yake ifutwe pamoja na nyingine. CV ya aliyeajiriwa inahamia kwenye faili lake la utumishi, nayo ina taratibu zake.

Sisi ni asasi ya watu wanane. Maombi ya nafasi ya mhasibu yalikuja kwa barua pepe, mengine WhatsApp, mengine kwa bahasha. Miezi sita imepita na nimeambiwa nifute. Nimefuta barua pepe zote. Inatosha? (Msomaji, Sinza)

Haitoshi, na natumaini hujafuta na zile ulizotuma wewe, maana ndizo zitakazokuonyesha nakala zilikokwenda. Kazi hii huanzia mbali na kumalizikia kwenye kikasha kikuu. Ukianza na kikasha, unapoteza kumbukumbu ya nani alitumiwa nini.

Chukua CV moja ya mwombaji mmoja uifuatilie. Iliingia kwenye barua pepe ya ofisi. Wewe ukaipakua, ikabaki kwenye folda ya Downloads. Ukawatumia wajumbe watatu wa usaili, na pengine mmoja hutumia barua pepe yake binafsi na huisoma kwenye simu. Siku ya usaili printa ikagoma, ukaitia kwenye flashi ukakimbilia steshenari. Kijana wa pale akainakili kwenye kompyuta yake ili aichape, na ipo pale mpaka leo, kwenye Desktop, ikisubiri mteja mwingine afungue. CV moja imeshazaa nakala saba au nane, na wewe umefuta moja.

Kwenye Gmail, tafuta kwanza ulichotuma, ukiweka tarehe mliyotangaza nafasi:

```
in:sent has:attachment after:2025/03/01
```

Andika majina ya waliopokea, kisha umwombe kila mmoja afute kwake na akujibu kwa maandishi kwamba amefuta. Steshenari nenda mwenyewe, umwombe akuonyeshe skrini. Ukiikuta faili, ifutwe mbele yako, na Recycle Bin imwagwe hapo hapo.

Simu ya mapokezi ina lake. Kufuta ujumbe wa WhatsApp si lazima kuondoe faili lenyewe. Kwenye simu za Android fungua programu ya mafaili utafute folda ya WhatsApp Documents. Mara nyingi utazikuta CV zote zimepangana pale, pamoja na za tangazo la mwaka juzi.

Flashi ukiifuta kawaida, mafaili hubaki ndani mpaka mengine yaandikwe juu yake, na programu za kurejesha mafaili huyapata bila shida. Kwenye Windows ifomati huku umeondoa alama kwenye Quick Format. Inachukua muda mrefu zaidi kwa sababu inaandika juu ya flashi nzima, na hicho ndicho unachokitaka.

Sasa rudi kwenye barua pepe. Ukiweka alama kwenye kisanduku cha juu, Gmail huchagua zile za ukurasa unaouona tu, kwa kawaida 50. Lazima ubonyeze pia maneno yanayotokea juu ya orodha yanayoanza na Select all conversations. Watu wengi huishia ukurasa wa kwanza wakidhani wamemaliza. Zilizofutwa hukaa kwenye Trash siku 30, kwa hiyo ingia humo uzimwage.

Mwisho andika mistari miwili kwenye daftari: tarehe, nafasi iliyotangazwa, idadi ya maombi yaliyofutwa, nani alifuta na nani alishuhudia. Usiandike majina ya waombaji, la sivyo umetengeneza orodha mpya ya kutunza.

Tangazo lijalo, wajumbe wasitumiwe kitu. Fungueni folda moja ya Google Drive, muwaongeze kwa barua pepe zao kama watazamaji, ufikiaji ubaki Restricted, na kwenye kila faili mzime ruhusa ya watazamaji kupakua. Jina la folda libebe tarehe yake ya kufa, kwa mfano "Mhasibu, futa Januari 2026." Anayetuma kwa WhatsApp aelekezwe barua pepe ya ofisi, na ya simuni ifutwe siku hiyo hiyo.

Bosi anataka kila mwombaji aambatishe nakala ya kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na namba za wadhamini watatu tangu mwanzo. Kuna ubaya? (Msomaji, Mbagala)

Upo. Mwambie bosi kwamba wakiomba watu mia, atakuwa ametunza vitambulisho mia kwa ajili ya kumwajiri mmoja. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo hata namba tupu inamweleza mtu. Wadhamini nao ni watu wenye taarifa zao, na wengi hawajui hata kwamba namba zao ziko kwenu.

Hatari yenyewe tunaijua hapa mjini. Orodha ya waombaji ikivuja, mtu anapigiwa simu, anatajiwa jina kamili, nafasi aliyoomba na chuo alichosoma, kisha anaambiwa amepita na atume hela ya vipimo vya afya au sare. Anaamini, kwa sababu taarifa zote ni sahihi. Zimetoka kwenye faili lenu.

Hatua ya kwanza ombeni barua na CV tu. Wanaoitwa kwenye usaili waje na vyeti halisi, mvione mwarudishie. Wadhamini ombeni kwa wawili watatu wa mwisho. Nakala ya NIDA atoe anayesaini mkataba. Habari za afya ni taarifa nyeti kisheria, zinahitaji ridhaa ya maandishi, na kwenye fomu ya maombi hazina kazi.

Hatuna mashine ya kukata karatasi. Bahasha za maombi tumezijaza kwenye boksi. Tumpe mlinzi akachome? (Msomaji, Kijitonyama)

Msimpe mtu boksi zima aondoke nalo. Karatasi safi za upande mmoja zina soko, na CV huishia kufungia karanga na vitumbua, jina na namba ya simu vikisomeka.

Chaneni vipande vidogo, mkianzia sehemu yenye jina, picha na mawasiliano, kisha loweka kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi kitu kimekuwa uji. Kaminyeni maji, mtupe na taka za kawaida. Wafanye wawili, na bahasha zenyewe zisisahaulike: nyuma yake kuna jina na anwani.