Zege na jua la Dodoma: maswali yenu

"Tumemwaga jamvi saa 5 asubuhi, kufika saa 8 mchana juu nyufa tupu na zege bado bichi. Saruji feki?"

Mi sidhani ni saruji, hilo ni jua na upepo. Zege likishamwagwa maji kidogo hupanda juu, utayaona yanang'aa, sasa upepo mkavu wa Dodoma mwezi wa 10 unayabeba haraka kuliko yanavyopanda, ngozi ya juu inasinyaa huku chini bado laini, basi inachanika. Nyufa za hivyo huwa fupi fupi, zimelala upande mmoja, na nyingi hazifiki ukingoni. Kama kidole bado kinabonyea, piga tena kwa ubao wa kusawazishia mpaka zijifunge kabisa na ufunike nailoni hapo hapo, usipake tu uji wa saruji juu maana huko ni kuficha. Kama limeshakamaa, mwite injinia apime kina cha nyufa, hasa kama ni slabu ya ghorofa. Siku nyingine lowesha ardhi kwanza na uanze saa 10 jioni, na tafadhali msiongeze maji kwenye mchanganyiko eti kwa sababu ya joto, mnaliua zege.

"Fundi anamwagilia asubuhi na jioni, si inatosha?"

Kwa kiangazi hiki haitoshi. Nenda saa 6 mchana uweke kiganja, utakuta limeshakuwa jeupe na la moto, yani kutwa nzima limekaa kavu. Saruji inakamaa kwa kula maji, yakiisha inasimama pale ilipofikia. Jamvi lako la mita 10 kwa 8 ukilijengea kingo za udongo na kujaza maji sentimita 5 ni kama lita 4,000, matangi manne ya lita elfu, na hapo bado ya kuongezea. Kama maji unanunua, tandaza magunia yaliyolowa, juu yake nailoni, maungio yapandiane, kingo uzikandamize kwa matofali au mchanga maana upepo ukiingia chini umefanya kazi bure. Kila siku funua kona uguse gunia, likianza kukauka ongeza maji. Siku 7 ndo za chini, na saruji yenye pozolana, yani iliyochanganywa na unga kama wa majivu ya volkano, ipe hata 14 kwa sababu inakamaa taratibu.

"Langu lina wiki 3, halikumwagiliwa, nitajuaje limeharibika?"

Kwaruza kwa msumari. Ukichimba mfereji kirahisi na unga ukatoka, au ukifagia kila siku vumbi haliishi, ngozi ya juu imekufa. Kumwagilia sasa kunasaidia kidogo, nguvu yote hairudi. Chini kabisa huwa pana nafuu, ila ile ngozi ndo inayokinga nondo.

"Na nguzo? Maji si yanatiririka tu?"

Yanatiririka kweli. Ukitoa mbao tu, izungushie magunia mabichi, funga kamba, nailoni juu yake, na kila siku mimina maji kutokea kichwani yashuke ndani ya gunia.